Kuandika tangazo la simu iliyotumika: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nauza simu zilizotumika hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nusu ya wateja wangu sijawahi kuwaona kwa macho. Wako Kasulu, Uvinza, Nguruka, wengine ni wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Wanasoma tangazo Facebook au kwenye statasi ya WhatsApp, wanauliza mawili matatu, wanatuma hela. Siku hizi hata watu wanaouza simu zao wenyewe wananiuliza waandikeje. Majibu haya yametoka inboksi kwangu. Mtaona mengi yanarudi kwenye betri, maana ugomvi mwingi huanzia huko.

Dada, nikiandika "simu kali, ipo safi, haina tatizo" kuna ubaya gani?

Kila simu kwenye kundi la mauzo ni kali, kwa hiyo msomaji anayaruka maneno hayo kisha anakuja inboksi kukuuliza yale yale ambayo ungeyaandika tangu mwanzo. Halafu "safi" yako na yake si moja. Wewe umeizoea mikwaruzo ya ukingoni mpaka huioni tena. Yeye ataiona dakika ya kwanza.

Andika ulichokiona na ulichokifanya. "Ina mikwaruzo ukingo wa kulia, ikivaa kava haionekani." "Nimepiga simu dakika tano, nasikika na nasikia vizuri." Sentensi za namna hii mnunuzi anaweza kuzihakiki akiishika simu, na wewe unaweza kuzisimamia siku akirudi.

Nianze na nini?

Jina la simu kama lilivyo kwenye Settings sehemu ya About phone, ukubwa wa memori, halafu betri, halafu kasoro, ndipo bei na mahali ulipo. Kasoro zikae juu ya bei. Mtu akishaipenda bei ndipo akutane na kioo kilichopasuka, anahisi umemtega, hata kama yote uliyaandika.

Android yangu haionyeshi afya ya betri kwa asilimia. Nitaandika nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nililipia ada ya kulijua. Niliwahi kuuza Galaxy A12 nikaandika "betri inakaa siku nzima". Sikudanganya, nilikisia: simu ilikuwa mezani dukani, inaguswa mara moja moja, jioni bado ina chaji. Aliyeinunua anavua dagaa. Wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, wanaingia ziwani jioni na kutoka alfajiri, na usiku kucha simu ndiyo tochi, ndiyo redio, ndiyo ya kuulizia bei mwaloni. Ilizima kabla ya usiku wa manane. Asubuhi nikamkuta mlangoni, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni wenye magamba ya samaki, hajalala. Nilimrudishia hela yake.

Tangu siku ile napima, na kipimo chenyewe hakihitaji kifaa chochote. Chaji simu ijae, itumie mpaka ishuke asilimia 90. Usianzie 100, kwa sababu simu nyingi hung'ang'ania 100 na 99 kwa muda mrefu na zitakupa jibu tamu la uongo. Zima data, weka hali ya ndege, mwanga wa kioo uweke katikati, kisha cheza video iliyo ndani ya simu kwa dakika 60 bila kusimama. Soma asilimia iliyobaki. Tofauti yake ndiyo unayoiandika kwenye tangazo, pamoja na jinsi ulivyopima.

Kipimo cha pili ni cha kujua simu inazima ikiwa na asilimia ngapi. Betri iliyochoka haipotezi ujazo tu. Ukinzani wake wa ndani nao hupanda, kwa hiyo simu ikidai umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka na simu inazima wakati namba juu bado inasoma 20. Iache ishuke mpaka 30, washa kamera urekodi video huku taa ya flashi inawaka, subiri. Ikizima, angalia ilikuwa asilimia ngapi. Isipozima, iendelee hadi 15, kisha 10. Betri nzima itafika 5 bila kuyumba.

Dalili nyingine ambayo watu huiona kuwa sifa ni simu "kujaa haraka". Simu ile ile, chaja ile ile, zamani ilichukua saa mbili na zaidi, leo dakika 50 imejaa. Hapo betri haina tena nafasi ya kubeba chaji, kama ndoo iliyojaa mchanga nusu.

Unaweza kuonyesha mfano wa tangazo zima?

Huu ni wa A12 nyingine niliyoiuza baadaye. Simu hiyo ikitoka kiwandani ina betri ya 5000 mAh, na mtu akisoma namba hiyo anadhani bado anaipata yote. Nilipima: kutoka 90 ilifika 75 kwa saa moja, yaani imekula 15. Nilikuwa na A12 ya pili yenye betri nzuri, nikaipima siku hiyo hiyo kwa video hiyo hiyo, ikala 9. Kwenye kipimo cha flashi ile ya kwanza ilizima ikiwa 18.

Sasa piga hesabu. Simu inayozima kwenye 18 ina asilimia 82 tu za kutumia. Gawa kwa 15, unapata kama masaa 5 na nusu ya video. Ile nzuri, hata ukiacha 5 za mwisho, inakaribia masaa 10 na nusu. Zote ni A12, na kwenye picha huwezi kuzitofautisha.

Nikaandika hivi:

> Samsung Galaxy A12, memori GB 64, RAM GB 4, rangi nyeusi. Imetumika.
>
> BETRI: imechoka. Nimeipima kwa video ya ndani ya simu, hali ya ndege, mwanga nusu: saa moja inakula asilimia 15. Ukiwasha flashi inazima ikifika 18. Ukiwa karibu na umeme inatumika vizuri, kwa kushinda ziwani au safari ndefu haifai mpaka ubadilishe betri.
>
> KIOO: ni kile ilichokuja nacho, hakijabadilishwa. Kuna mkwaruzo mmoja wa sentimita mbili juu ya kamera ya mbele, tazama picha ya 3. Tachi inafanya kazi kila sehemu.
>
> KASORO NYINGINE: tundu la chaji limelegea kidogo, waya ukivutwa chaji inakata. Alama ya kidole inasoma jaribio la pili au la tatu.
>
> Kamera, spika, maiki, laini zote mbili, Wi-Fi: nimevijaribu, viko sawa. Haijawahi kuingia maji mikononi mwangu, ya kabla yangu siyajui.
>
> Boksi lipo, chaja si yake. Akaunti zimeondolewa.
>
> Bei 160,000. Nipo Mwanga, njoo uijaribu kabla ya kulipa.

Angalia maneno "mikononi mwangu". Niliinunua kwa mtu, siwezi kuapa kwa maisha yake ya nyuma. Watu huandika "haijawahi kufunguliwa" kwa simu waliyoipata wiki iliyopita. Kama hukuwa nayo tangu mpya, sema tu umekaa nayo muda gani.

Sentensi ya "kwa kushinda ziwani haifai" ilinipotezea wavuvi wawili waliokuwa wameuliza. Akaichukua mama mwenye genge sokoni, soketi iko mgongoni pake. Hajawahi kunipigia kulalamika.

Mimi nina iPhone, inaonyesha asilimia 100. Si niandike hiyo hiyo?

Iandike, lakini ieleze. Kwenye Settings, Battery, halafu Battery Health, ile Maximum Capacity inalinganisha betri ilivyo sasa na ilivyokuwa mpya. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Kwa hiyo iPhone 11 ya miaka kadhaa yenye 100 karibu hakika imebadilishwa betri, hakuna muujiza hapo. Kubadilishwa si aibu. Aibu ni kuiacha ile 100 izungumze kana kwamba simu haijatumika.

Nenda Settings, General, About. Kwa iPhone XS na XR kwenda mbele, betri ikiwa imebadilishwa utakuta sehemu ya Parts and Service History. Ikisema Unknown Part, betri si ya Apple au haikusajiliwa ilipofungwa. Piga picha ya ukurasa huo, iweke kwenye tangazo. Mafundi pia wana mashine za kuandika upya asilimia hizo, kwa hiyo hata kwa iPhone mimi bado nafanya kile kipimo cha saa moja na kuziandika namba zote mbili pamoja. Zikipingana, 98 kwenye skrini na simu inakata moto jioni mapema, mwamini saa.

Betri imevimba kidogo tu, simu inafanya kazi. Niitaje vipi?

Usiiuze hivyo. Iweke kifudifudi na kifuniko cha nyuma kikiwa juu, uangalie kama kimeinuka, au kioo kikipanda na kushuka ukikigusa taratibu bila kukiminya, au mwanga ukichungulia pembeni. Ndani kumejaa gesi, na betri ya namna hiyo ikitobolewa au kuminywa inaweza kuwaka. Acha kuichaji, ipeleke kwa fundi abadilishe, kisha andika "betri mpya, imefungwa mwezi huu, ya zamani ilivimba". Kama gharama haikulipi, iuze kama ya vipuri kwa fundi, mwambie betri imevimba kabla hajaifungua.

Kioo nilibadilisha. Mnunuzi hawezi kujua, lazima niseme?

Atajua. Chukua Galaxy A51: kioo chake cha asili ni AMOLED na alama ya kidole iko chini ya kioo. Mafundi wengi hufunga kioo cha bei nafuu cha LCD, na hapo kidole hakisomi tena. Usiku ukifungua picha nyeusi tupu, AMOLED inakuwa nyeusi tii kama imezimwa, LCD inabaki na mng'ao wa kijivu. Kwenye iPhone iliyofungwa kioo cha kopi, mara nyingi True Tone inapotea kwenye mpangilio wa mwanga.

Andika: "Kioo kimebadilishwa, ni kopi ya LCD, alama ya kidole haifanyi kazi, nafungua kwa namba." Mtu anayetaka simu ya WhatsApp na kupokea hela hajali. Anayejali mtaachana mapema, nauli yake haijatumika.

Kuhakiki tachi kwenye Samsung, fungua sehemu ya kupiga simu uandike `*#0*#`, chagua Touch, pitisha kidole kwenye vile visanduku vyote. Kisanduku kisichobadilika rangi ndipo tachi imekufa. Kwa simu nyingine shika alama ya programu yoyote uiburute kioo kizima. Ikiponyoka mahali pale pale kila mara, umeipata.

Iliingia maji ziwani, nikaianika, ikapona. Hiyo nayo ni kasoro?

Ni kasoro ambayo bado haijafika. Maji yakishagusa bodi, kutu inaendelea taratibu baada ya simu kukauka na kuwaka vizuri, na wiki kadhaa baadaye spika inakoroma au chaji inakataa. Wala usiegemee ile sifa ya kuzuia maji kwa simu iliyokwishafunguliwa na fundi, maana gundi ya kuzuia maji ilibanduka siku hiyo. Andika iliingia lini, ilikaa muda gani, fundi aliifungua au hakuifungua, na tangu hapo imeonyesha nini. Kwenye iPhone nyingi, toa kibebea laini umulike tundu lake kwa tochi. Kuna alama ndogo nyeupe au ya fedha. Ikiwa nyekundu, imeguswa na maji.

Picha ngapi?

Sita zinatosha: mbele ikiwa inawaka kwenye skrini nyeupe, nyuma bila kava, kingo, ukurasa wa About, na picha ya karibu ya kila kasoro. Toa protekta kabla ya kupiga, au sema kilichopasuka ni protekta. Simama mlangoni mchana, jua lipige kioo kwa upande ili mikwaruzo ionekane. Picha za kupakua mtandaoni ndizo zinazofanya watu wakuone tapeli.

Niweke IMEI kwenye tangazo?

Hadharani hapana, na ukipiga picha ya boksi au ya ukurasa wa About ifunike kwa kidole. Andika "IMEI ya simu na ya boksi zinafanana, nitakupa ukiihitaji". Mnunuzi akiwa tayari, mpe namba yenye tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza `*#06#`. Ataituma kwa ujumbe kwenda 15090 na jibu litamwambia ni simu ya aina gani. Jibu likitaja Nokia na mkononi ana Tecno, hapo kuna jambo. Wengi hapa tunakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozifungia simu bandia na watu wakaamka hawana mtandao, kwa hiyo usishangae mtu akiuliza.

Muhimu zaidi ni akaunti. Ondoa akaunti ya Google kwenye Settings kwanza, ndipo ufute kila kitu kutoka humo humo kwenye Settings. Ukifuta kwa kubana vitufe huku akaunti bado ipo, simu ikiwaka itamdai mnunuzi akaunti yako, na yuko Nguruka anakupigia usiku. Kwa iPhone toka kwenye iCloud na uzime Find My. Kama simu ulinunua ikiwa na akaunti ya mtu mwingine na huijui nywila yake, huna simu ya kuuza. Mtafute aliyekuuzia.

Nikitaja kasoro zote si nitauza bei ya kutupa?

Kila kasoro muulize fundi gharama ya kuitengeneza, uitoe kwenye bei ya simu kama hiyo isiyo na kasoro, na utoe kidogo zaidi kwa usumbufu. A12 nyingine zenye betri nzuri nilikuwa naziuza 200,000. Betri na ufundi niliambiwa 35,000. Nikatoa 40,000. Hesabu hiyo ukiiandika inboksi, mnunuzi anashindwa kuitumia betri kukushusha tena, kwa sababu umeshamtolea. Akijaribu, na watajaribu, mwambie: "Hiyo ya betri kaka nimeshaipunguza, iko ndani ya bei."

Nisiwafiche, tangazo la namna hii linapata watu wachache inboksi. Wale wa "ipo?" wanaopotea hawaandiki. Wanaoandika wanakuja na hela.

Mnunuzi yuko Kasulu, hawezi kuja kuijaribu. Tunafanyaje?

Mpigie kwa video, simu inayouzwa iwe mbele ya kamera. Piga `*#06#` aone, washa flashi, cheza wimbo, mwonyeshe asilimia ya betri mwanzo wa mazungumzo na mwisho. Kisha mkubaliane kwa maandishi, hapo hapo kwenye mazungumzo yenu: siku ngapi za kujaribu, nauli ya kurudisha ni ya nani, na kasoro zipi tayari anazijua. Mimi natoa siku tatu kwa kitu ambacho sikukitaja. Nilichokitaja hakirudishwi.

Simu imeshauzwa, tangazo nilifute?

Liandike IMEUZWA na uliache, kwa sababu mnunuzi akikuuliza mwezi ujao kuhusu lile tundu la chaji lililolegea, mtalisoma wote wawili.